Kesi ya Mtoto Haingoji Kikao cha Kamati: Sera ya Kulinda Watoto Madrasani

(Maandishi ya mada iliyotolewa kwa vijana. Tumeacha lugha ya mazungumzo ilivyo.)

Vijana wenzangu, kaka zangu na dada zangu. Leo sizungumzi juu ya polisi wala serikali. Leo nazungumza juu ya nyumba yetu wenyewe, yaani madrasa. Na swali langu ni moja tu: mtoto akidhuriwa pale chuoni, na akapata ujasiri wa kumwambia mtu mzima mmoja, je, yule mtu mzima anajua afanye nini ndani ya saa moja inayofuata?

Mara nyingi jibu ni hapana. Na si kwa sababu ni mtu mbaya. Ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Kwa hivyo atafanya anachokijua: atamwambia ustadhi, ustadhi atamwambia mwenyekiti, mwenyekiti ataita kikao cha kamati. Na kikao chetu hukaa lini? Ijumaa baada ya swala. Sasa subirini niwaonyeshe kwa nini hiyo Ijumaa inamponza mtoto.

Tuchukue mfano. Nausema ni mfano, msianze kutafuta ni madrasa gani. Mtoto wa kiume wa miaka kumi analala bweni. Jumamosi saa nne usiku, mtu mzima wa pale madrasani anamfanyia jambo la haramu. Jumapili saa moja asubuhi, mtoto yuko jikoni, hataki kula, na anamwambia mama mpishi. Anaambiwa mpishi, si mudiri, manake watoto huwaambia wanaowazoea. Na nimechagua mtoto wa kiume makusudi, kwa sababu sisi tukisikia mambo haya tunafikiria wasichana tu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haibagui. Mtoto ni mtoto, na kwa mtoto wa umri huu adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha.

Sasa sera ya kulinda watoto, tukiondoa maneno makubwa, ni karatasi inayomwambia yule mama mpishi afanye nini. Ikiwa haimsaidii yeye, hata ikiwa na kurasa arobaini na muhuri wa kamati, hiyo si sera.

Tuanze na hatua ya kwanza, ambayo ni kusikiliza. Mama mpishi amsikilize mtoto mpaka amalize. Asimhoji. Maswali kama "mbona hukupiga kelele?" au "una hakika ni ustadhi fulani?" yana madhara mawili. Yanamfunga mtoto mdomo, na yanaweza kumtia maneno ambayo baadaye kortini wakili atasema alifundishwa. Yatosha kumwambia: umefanya vizuri kuniambia, hukukosea, nitawaambia watu wa kukusaidia. Na asimuahidi kwamba itakuwa siri. Hawezi kuitimiza ahadi hiyo, na mtoto akiona imevunjwa hatasema tena. Akitoka hapo, aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, aweke tarehe na saa. Kama hajui kuandika, amwambie mwangalizi aandike mbele yake.

Mwangalizi ni nani? Hapo ndipo hatua ya pili. Kila madrasa iwe na waangalizi wawili wa watoto, majina na nambari zao zibandikwe ukutani ambapo mtoto anaweza kusoma. Mmoja awe mwanamke. Na mmoja awe mtu wa nje, asiyelipwa na madrasa wala asiyekuwa jamaa wa mudiri. Kwa nini wawili? Fikiria anayetuhumiwa ndiye mudiri mwenyewe, au ndiye huyo mwangalizi. Sera nyingi zinakufa papo hapo, kwa sababu njia ni moja na mshukiwa amekaa katikati ya njia. Kwa hivyo iandikwe waziwazi: mtu yeyote anaweza kuruka ngazi na kwenda moja kwa moja polisi, kwa afisa wa watoto wa serikali, au kupiga simu 116. Hiyo ni nambari ya bure ya watoto, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Na hakuna mfanyakazi atakayefutwa kazi kwa kuripoti kwa nia njema.

Mama mpishi amfikishie mwangalizi habari asubuhi hiyo hiyo. Asingoje mudiri arudi safari.

Hatua ya tatu ni hospitali, na hii ndiyo naomba mshike hata mkisahau mengine yote. Hospitali kwanza. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, zinaitwa PEP, zinamezwa kwa siku 28. Lakini lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Kwa mtoto wetu, kutoka Jumamosi saa nne usiku, saa 72 zinaisha Jumanne saa nne usiku. Ukingoja kikao cha Ijumaa saa nane mchana, zimepita saa 136. Umeona? Kamati haikumchukia mtoto. Ilikaa tu siku yake ya kawaida, na dawa ikawa haifai tena. Na kama ni msichana aliyebaleghe, kuna hatari ya mimba pia, na dawa yake ina muda wake.

Watu wengi hudhani lazima uanze polisi ndipo daktari akubali kukuona. Sivyo. Matibabu hayangoji fomu. Sheria hiyo ya 2006 inasema mwathiriwa wa makosa haya atibiwe katika hospitali ya umma kwa gharama ya serikali. Pale hospitali mhudumu anajaza fomu inayoitwa PRC, inayoandika alichokikuta mwilini. Fomu ya P3 inatoka polisi, na daktari anaijaza pia. Zote mbili ni za kesi, na hiyo PRC mara nyingi husahaulika. Iulizieni.

Mtoto asiogeshwe kabla ya kwenda. Najua, sisi ni watu wa tohara, na jambo la kwanza mama atakalofikiria ni kumuosha mtoto na kufua shuka. Hapo ushahidi unakwenda na maji. Nguo alizovaa usiku ule ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, manake plastiki inashika unyevu na unyevu unaharibu ushahidi. Kumbukeni kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam. Aliyetuhumiwa alikuwa kijana asiye na mtu, na aliyemtuhumu alikuwa mke wa mkubwa. Kilichoamua hakikuwa cheo wala machozi, kilikuwa kanzu: imechanika mbele au nyuma? Kanzu ile ingefuliwa, ukweli ungepotea.

Wakati huo huo mzazi au mlezi apigiwe simu. Akiwa mbali, mwangalizi aende na mtoto, mzazi awakute hospitali. Kuna hali moja tu ya kusita: ikiwa mtuhumiwa ni mzazi au ni mtu wa nyumba ile. Hapo afisa wa watoto apigiwe kwanza.

Hatua ya nne ni kuripoti rasmi, siku hiyo hiyo. Nendeni kituo cha polisi, na kama kina dawati la jinsia mlitake. Tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio, na msiondoke bila nambari ya OB. Bila ile nambari, kesho mtaambiwa hamkuja. Kisha afisa wa watoto wa kaunti ndogo apewe habari. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imempa yeye jukumu la kumfuatilia mtoto, na kumtafutia mahali salama kama nyumbani si salama.

Walimu wa shule za serikali wana waraka wa TSC, nambari 3 wa mwaka 2010. Unamtaka mwalimu anayejua au kushuku mwanafunzi amenajisiwa aripoti ndani ya saa 24, na anayeficha anachukuliwa hatua za nidhamu. Lakini ustadhi wa madrasa hayuko chini ya TSC. Hakuna mwajiri wa kitaifa wa kumnyang'anya leseni. Ndiyo maana sera ya madrasa yenyewe lazima iziandike saa 24 hizo, na iandike pia kwamba kuficha ni kosa la kufutwa kazi, awe ni mpishi au ni mudiri.

Hatua ya tano ni mtuhumiwa. Hapa tuwe waadilifu, manake sisi ni watu wa haki na haki ni ya kila mtu. Mtuhumiwa si mkosaji mpaka ithibitishwe. Asitangazwe msikitini, asipigwe na vijana, picha yake isitumwe kwenye WhatsApp. Lakini siku ile ile asimamishwe kazi, atoke bwenini, asiwe na mawasiliano na mtoto yule wala wengine. Mshahara uendelee mpaka ijulikane. Hiyo si hukumu, ni kuuweka moto mbali na majani. Na asiambiwe nani kasema nini, wala asikalishwe na mtoto uso kwa uso "wasameheane." Kamati isifanye uchunguzi wake. Kazi ya kamati ni kuripoti, kulinda na kunyamaza. Kuchunguza ni kazi ya polisi.

Sasa tufike penye mwiba. Kufikia Jumatano, wazee watakuja kwa baba wa mtoto. Watakuja kwa heshima. Watasema: shekhe, hii ni aibu yetu sote, tusiwape watu mdomo juu ya madrasa, tufanye maslaha. Kutakuwa na pesa kidogo, au mbuzi, na kijana yule atahamishwa mji mwingine. Na wataleta hoja ya sitara, kwamba Muislamu humsitiri Muislamu mwenzake.

Jibu la kisheria ni jepesi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya makosa haya si wa polisi wa kituo. Uliwekwa kwa Mwanasheria Mkuu, na chini ya Katiba ya 2010 mashtaka ya jinai ni mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ikiwa OCS mwenyewe hana uwezo wa kuifuta, mzee wa mtaa ataufutia wapi? Mnachokifuta pale ni ushahidi tu, kwa kumhamisha mtoto na kumnyamazisha mama yake.

Na jibu la kidini pia mlijue, msije mkanyamazishwa kwa dini. Wanavyuoni wanatofautisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya waja. Sitara ni ya mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake. Aliyemdhulumu mtu mwingine ana haki ya mtu shingoni, na haki ile si ya mwenyekiti wala si ya mzee kuigawa. Na yule mliyemhamisha, huko alikohamia kuna bweni pia. Mkimsitiri, mmewafunua watoto wa wenzenu.

Sera basi iandike mstari mmoja: hakuna maslaha katika jambo la kudhuriwa mwili wa mtoto, na mwanakamati atakayeshiriki anatoka kwenye kamati. Maslaha ina mahali pake. Watoto wakivunjiana kalamu, wazazi wakidaiana ada, kaeni mpatane. Hapa si mahali pake.

Tumemaliza kuripoti. Sasa wajibu wa kila siku wa wafanyakazi, manake tungependa tusifike kule.

Sisi tuna mafunzo ya khalwa na tunayajua vizuri, lakini tunayatumia kwa mwanamume na mwanamke tu. Yapanue. Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Masomo yafanyike mlango wazi, au darasa liwe na dirisha linaloonekana kutoka nje. Mtoto asitumwe kwenda chumbani kwa ustadhi kupeleka chai, kufagia wala kufua. Watu wazima wasilale chumba kimoja na watoto, na taa ya njia ya choo iwake usiku kucha. Mwalimu asimtumie mwanafunzi ujumbe wa simu wa faragha. Ajumbe kupitia mzazi. Na kiboko kiwekwe chini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi au kumfanyia ukatili, kimwili au kisaikolojia. Na tukitaka mtoto aje kutuambia siri kubwa, hatakuja kwa mtu anayemuogopa.

Katika kuajiri, tuache kumchukua mtu kwa sababu tu ana sauti nzuri ya kisomo na ameletwa na fulani. Alete cheti cha maadili mema kutoka DCI. Lakini msitosheke nacho, kwa sababu aliyemalizwa kwa maslaha cheti chake ni safi! Pigeni simu madrasa mbili alizofundisha mwisho, muulize swali moja moja kwa moja: mngemrudisha akae na watoto wenu? Mkisikia kimya kirefu, au "aa, ni mtu mzuri, tuliachana tu," ulizeni zaidi.

La mwisho ni mafunzo. Semina moja yenye bango, chakula na picha si mafunzo. Wafunzeni wote, na wote ni pamoja na mpishi, dereva, bawabu na wanafunzi wakubwa wanaosimamia wadogo. Kila mgeni afunzwe kabla ya siku yake ya kwanza ya kazi, na kila muhula mrudie kwa saa mbili. Msiwasomee sera. Wapeni ule mfano wa Jumapili asubuhi, mmoja awe mtoto, mmoja awe mpishi, wengine waangalie wapi anakosea. Mtaona wenyewe, takriban kila mtu ataanza na "una hakika?"

Na watoto nao wafunzwe kwa lugha yao: mwili wako ni amana, mtu akikuambia hii ni siri yetu wawili, hiyo ndiyo siri ya kusema. Wajue majina ya wale waangalizi wawili, na waijue 116 kama wanavyojua al-Fatiha.

Utajuaje kama sera ya madrasa yako iko hai au iko kabatini? Usiombe kuonyeshwa karatasi. Nenda kwa mpishi au bawabu, mtu asiyekaa vikaoni, umuulize: mtoto akikuambia ameguzwa vibaya, unamwambia nani? Akiwa ni yule mkubwa ndiye anayetuhumiwa, unamwambia nani? Hospitali ni baada ya muda gani? Akikujibu yote matatu bila kutazama mtu usoni, alhamdulillah. Akikujibu "nitamwambia ustadhi," basi kazi haijaanza.

Ninyi vijana hamko kwenye kamati, najua. Lakini wadogo zenu wako pale, na ninyi wenyewe mlipita pale. Wiki hii, wewe unayesoma, nenda na wenzako wawili madrasa ya mtaani kwenu, muulize hayo maswali matatu kwa adabu. Mkikuta hakuna sera, ombeni mukaiandike nao. Kurasa mbili zinatosha: nambari ukutani, hatua tano, saa 24, hakuna maslaha, na sahihi ya kila mfanyakazi. Mkiambiwa mnaivunjia dini heshima, jibuni kwa upole kwamba heshima ya madrasa ni mtoto kutoka pale na Qur'ani kifuani, salama alivyoingia.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atujaalie tuwe mashahidi wa haki hata ikitugusa wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.